Bahasha ya Noti za Zamani: mhadhara juu ya hadithi ya deni la pango

Habari za jioni, ndugu zangu waandishi. Mada tuliyopewa leo ni hadithi fupi ya mwenye nyumba anayeombwa radhi na kulipwa na mpangaji wake wa zamani, miaka mingi baada ya mpangaji huyo kuondoka. Nitachukua hadithi moja tu na kuijenga mbele yenu, na tutaijengea hapa hapa Dar es Salaam, Manzese Midizini, kwa sababu nyumba ya huko inajua kutunza deni.

Rasimu nyingi za hadithi hii hufa kwenye sentensi ya kwanza inayolitaja deni. Mwandishi anaandika, "Alikuwa anadaiwa kodi ya miezi kadhaa," kisha anakimbilia machozi. Miezi kadhaa ni mingapi? Kwa bei gani? Msomaji wa Dar amepanga, au amepangisha, au yote mawili. Akiona "miezi kadhaa" anajua mwandishi hajawahi kulifungua daftari la kodi. Kwa hiyo tuanze na daftari, watu watafuata.

Mwenye nyumba wetu ni Bi Tatu, mjane. Nyumba yake ni ya Kiswahili kabisa: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, na uani choo, bafu na mahali pa kupikia. Yeye analala chumba cha kwanza kushoto, kinachotazama baraza, ili kila anayepita mlango wa mbele ampitie yeye. Mpangaji wetu ni Baba Neema, chumba cha mwisho kulia, kilichoshikana na mlango wa uani. Chumba hicho nimempa kwa makusudi, mtaona.

Baba Neema ameingia Agosti 2008. Kodi elfu ishirini kwa mwezi, miezi sita mkononi, yaani laki moja na elfu ishirini, bila kuhesabu ya dalali ambayo ni kodi ya mwezi mmoja. Miezi sita ikiisha Januari 2009, akalipa mitatu mingine: Februari, Machi, Aprili. Kuanzia Mei hakulipa kitu. Bi Tatu alimvumilia Mei, Juni, Julai, Agosti na Septemba. Miezi mitano kwa elfu ishirini ni laki moja kamili. Hilo ndilo deni kama Baba Neema anavyolijua, na ataondoka nalo kichwani likiwa na sura hiyo hiyo ya mviringo: laki.

Sasa anaondokaje? Hapa waandishi wengi huweka usiku wa manane, mvua, na mkokoteni. Sikatai usiku, ila mkokoteni unapiga kelele, na ukumbi wa nyumba ya Kiswahili unasikika wote. Mpangaji anayetoroka hatoroki siku moja. Vitu vinatangulia kimoja kimoja, kila kimoja na kisingizio chake. Televisheni inapelekwa kwa fundi. Godoro linaanikwa uani kwa sababu ya kunguni, jioni halirudi ndani, na mwenye kuuliza anaambiwa limepelekwa kubadilishwa kitambaa. Mama Neema na mtoto wanatangulia kwao, kuna msiba. Mwishoni kinabaki kitanda cha mbao, ambacho hakipiti popote bila kuonekana, na pazia la dirishani. Hivyo viwili anaviacha. Anatoka alfajiri kwa mlango wa uani, begi moja mkononi, kama mtu anayewahi kazini.

Na mlangoni anaacha kufuli.

Kufuli hilo lishikeni, kwa sababu ndilo linalozaa hadithi yetu. Chumba kilichoachwa wazi ni chumba kitupu, na mwenye nyumba anatafuta mpangaji mwingine wiki ile ile. Lakini chumba chenye kufuli la mpangaji na pazia dirishani bado kina mtu. Bi Tatu atasubiri, majirani watasema Baba Neema yuko msibani Singida. Atasubiri Oktoba, atasubiri Novemba. Ndipo atamwendea mjumbe, watakuja na fundi wa kukata kufuli na majirani wawili wa kushuhudia, kwa sababu mwenye nyumba mwenye akili havunji chumba cha mtu peke yake. Akivunja peke yake, kesho mpangaji anaweza kurudi na kudai kulikuwa na milioni chini ya godoro.

Miezi hiyo miwili haimo katika hesabu ya Baba Neema. Kwake yeye, aliondoka mwisho wa Septemba, deni likakoma Septemba. Katika daftari la Bi Tatu deni linaendelea mpaka siku kufuli lilipokatwa: miezi saba, laki moja na elfu arobaini, na kufuli jipya pamoja na ujira wa fundi elfu tano. Jumla laki moja arobaini na tano. Mnaona tulichopata? Watu wawili wanaodaiana, kila mmoja mkweli, na kila mmoja ana namba yake. Bila kumfanya yeyote kuwa mwovu, tayari kuna elfu arobaini na tano zinazowasubiri miaka kumi na tano mbele.

Kisha kuna kitanda. Bi Tatu alikiuza kwa elfu thelathini, kwa mpangaji wa chumba cha jirani. Daftarini hakuandika. Si mwizi; alikiona kama fidia ndogo, akanunulia unga na mafuta, basi. Lakini hakuandika, na mwanamke huyu huandika kila kitu, mpaka shilingi mia mbili za mchango wa taka. Mwandishi asiliseme jambo hili kwa sauti. Mwonyesheni msomaji ukurasa wa chumba cha mwisho kulia: Mei deni, Juni deni, hadi Novemba, kufuli na fundi elfu tano, mstari, jumla. Sehemu nyingine mpeni kitanda kikibebwa ukumbini kuhamishiwa chumba cha jirani. Ataunganisha mwenyewe.

Mtu ataniuliza, daftari la 2009 linakuwapo 2025? Linakuwapo kama limewekwa mahali pa kukaa. Bi Tatu analiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na leseni ya makazi na risiti za kodi ya jengo, juu ya kabati. Vitu vinavyohusu nyumba havitupwi, hata vikiliwa na mende pembeni.

Niseme kidogo juu ya sheria, kwa sababu nimesoma rasimu zenye polisi na mahakama bila sababu. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na ugomvi wa kodi ya chumba kama hiki kwa kawaida huanzia na kuishia kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Ukifika mahakamani, dai la mkataba lina ukomo wa miaka sita. Deni la Baba Neema lilikufa kisheria kabla mwaka 2015 haujaisha. Kwa hiyo mwaka 2025 hakuna hakimu wala askari wa kumtisha. Mkiweka kitisho hata kidogo, mmeua hadithi, maana mtu anayelipa kwa hofu ya kesi haombi radhi, anakwepa kesi.

Basi, kama hatishwi, kwa nini anarudi sasa?

Kuna majibu mawili ambayo kila mmoja wenu ameyafikiria. La kwanza, ameokoka. Halina kosa, watu wanaokoka na wanarudisha, na Zakayo wa Luka 19 aliahidi kurudisha mara nne. La pili, yeye mwenyewe amejenga Chanika, naye amekimbiwa na mpangaji. Hilo la pili lina ulinganifu mzuri mno, na msomaji atalinusa ukurasa wa kwanza. Mimi nachagua sababu ndogo zaidi, yenye tarehe.

Kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025 Benki Kuu ilikuwa inaziondoa kwenye mzunguko noti za zamani, zile zilizotolewa kuanzia 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya mia tano ya 2010. Mwenye nazo alipewa nafasi ya kuzibadilisha benki. Baada ya siku ya mwisho si fedha halali tena.

Baba Neema ana bahasha. Desemba 2010, mwaka mmoja na ushee baada ya kutoroka, alipata kazi ya kueleweka, akatenga noti kumi za elfu kumi, akaandika juu ya bahasha "Bi Tatu", akaisukumiza chini ya sanduku. Angepeleka Jumamosi. Jumamosi haikufika. Mwanzoni aliona haya, halafu ule muda wenyewe ukawa haya nyingine, kubwa kuliko deni. Bahasha ilihama naye nyumba tatu. Hakuigusa hata alipolala njaa, na hilo ni la kweli kwa watu wa namna yake: hela iliyokwisha kuwa ya mtu hailiwi. Sasa tangazo la benki linamwambia kwamba ikifika Aprili hata hiyo bahasha haitakuwa kitu.

Angalieni noti zenyewe zinavyofanya kazi. Toleo jipya la noti lilianza kutumika Januari 2011. Bahasha yenye noti kumi, zote za toleo la 2003, bila hata moja mpya katikati, inasema imefungwa lini. Bi Tatu ameshika hela za wapangaji miaka thelathini. Akizimwaga mezani atajua bila kuambiwa: mwanangu, hela hii ulikuwa nayo. Shida haikuwa umaskini. Kwa hiyo noti zile zile zinazomtetea, kwamba alikusudia kulipa, ndizo zinazomshitaki, kwamba aliweza na hakuja. Mwandishi akimfanya abadilishe noti benki kwanza ndipo alete mpya zinazong'aa, ushahidi wote umepotea. Na kumletea mama wa watu noti inayokaribia kufa ni kumtwisha foleni ya benki. Hilo nalo liachwe, ni la kibinadamu sana.

Sasa njia ya kumfikia. Hapa Dar ya leo inawapa kipande ambacho hamtakipata mahali pengine. Mnazijua meseji: "Ile hela itume kwenye namba hii." Na ile nyingine: "Mimi mwenye nyumba wako, kodi nitumie kwa namba hii." Kila simu ya mjini imepokea. Baba Neema anashuka Mwendokasi kituo cha Tip Top, anazunguka, anaogopa kubisha hodi. Anapata namba ya Bi Tatu kwa dalali wa kona, baada ya kujifanya anatafuta chumba na kutoa elfu tano ya kuonyeshwa. Usiku anaandika: "Shikamoo mama. Mimi ni Erasto, nilikuwa mpangaji wako zamani. Nataka kukutumia hela yako ya kodi. Naomba unijibu."

Bi Tatu hamjui Erasto. Katika nyumba yake hakuna mwanamume aliyewahi kuitwa Erasto; kulikuwa na Baba Neema, Baba Shabani, Baba Mwajuma. Anampa mjukuu asome. Mjukuu anacheka: "Bibi, siku hizi wamegeuza, wanajifanya wapangaji." Anafuta.

Siku ya pili Baba Neema, kwa nia njema, anatuma elfu mbili kwa simu ili aaminike. Hili nalo linaharibika, kwa sababu utapeli mwingine unaanza hivyo hivyo: hela inaingia, kisha anapiga mtu analia kwamba amekosea namba, rudisha. Bi Tatu haigusi ile elfu mbili wiki nzima, anangoja simu ya tapeli. Chekesheni hapa, mna haki. Nusu ya kwanza ya hadithi iwe na kicheko, maana nusu ya pili itakuwa ya kukaa kimya. Na faida yake ya ufundi ni kubwa: mnamlazimisha mwanamume huyu aje kwa miguu yake. Deni hili halitumiki kwa simu.

Anapofika barazani, atajitambulishaje? Sura ya miaka kumi na tano imebadilika, jina halijulikani. Asiseme "unanikumbuka?" Aseme kitu ambacho ni aliyelala chumba kile pekee anakijua: kwamba bati juu ya kitanda lilivuja, na masika walikuwa wakiweka sufuria ya ugali, si ndoo, kwa sababu ndoo ilimwamsha mtoto. Bi Tatu atajibu, "Baba Neema." Msiongeze kitu hapo, wala "alishtuka" wala "moyo ulimdunda".

Halafu radhi. Lugha yetu ina ngazi, na mwandishi akiruka ngazi tunasikia. Samahani ni ya kumkanyaga mtu kwenye daladala. Nisamehe ni nzito zaidi, na watoto na wapenzi wanaitumia kila siku. Naomba radhi ni ya mdogo kwa mkubwa, na mwombaji huwa ameinamisha macho. Bi Tatu ni Mwislamu, na kwake deni ni haki ya mja: Mungu hasamehi kwa niaba ya mdai. Erasto Mkristo ameishi Manzese, analijua hilo, kwa hiyo anaweza kusema, "Mama, naomba radhi. Naomba unihalalishie ile miezi mitano." Sentensi moja, na ndani yake kuna mtego, kwa sababu Bi Tatu anasikia "mitano".

Mjukuu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, ataingilia. Chumba kile leo kinapangishwa elfu sabini. Miezi mitano si laki tena, ni laki tatu na nusu. Hoja yake ina maana, na msiidharau: deni lilikuwa la shilingi au lilikuwa la miezi? Laki ya 2009 ililipa chumba miezi mitano, laki hii haifiki hata miwili. Wasomaji watagawanyika hapo, na ni vizuri wagawanyike. Lakini Bi Tatu atakataa, na sababu yake iwe ya kwake: alipangisha kwa elfu ishirini, na kudai juu ya alichodai ni riba. Mdaiwa akiongeza kwa hiari yake ni jambo jingine. Kumwekea sharti, hapana.

Kosa linalonisumbua zaidi liko hapa. Waandishi wanamfanya mwenye nyumba asukume bahasha irudi: "Chukua mwanangu, mimi nilishakusamehe." Inapendeza kusikia, lakini ni tusi dogo. Mtu amebeba kitu miaka kumi na tano, wewe unamwambia hakikuwa na uzito. Tena mnampa mwenye nyumba utakatifu bila kumgharimu kitu. Bi Tatu wetu atafanya linalomfaa mdai na mdaiwa: atapiga hesabu.

Atamtuma mjukuu ashushe mfuko wa nailoni. Atafungua ukurasa. Atamwonyesha Oktoba na Novemba, na kufuli. Baba Neema hajawahi kuiona miezi hiyo. Anaitazama, anaelewa kufuli lake lilifanya nini baada ya yeye kuondoka, na hapo ndipo radhi yake ya kweli inapoanza, kwa kimya, kwa sababu ile aliyoisema mlangoni aliifanyia mazoezi. Kisha Bi Tatu anachukua kalamu, na chini ya jumla ya mwaka 2009 anaandika kwa mkono wa leo: kitanda, elfu thelathini, toa. "Kitanda chako nilikiuza," anasema. "Sikuandika. Nawe niwie radhi."

Laki moja arobaini na tano, toa thelathini, inabaki laki moja na kumi na tano. Bahasha ina laki. Ile elfu mbili ya kwenye simu mwandishi asiisahau, maana Bi Tatu hataisahau.

"Bado elfu kumi na tatu," anasema.

Mfukoni Baba Neema ana nauli tu. Anatoa simu, anatuma. Simu ya Bi Tatu inalia juu ya meza, kati ya daftari na noti zinazotakiwa kufika benki kabla ya Aprili 5. Anaivuta karibu, anaisogeza mbali na macho kama wazee wanavyofanya, na anasoma jina lililokuja na hela, polepole, silabi kwa silabi, huku kalamu ikingoja juu ya ukurasa wenye maneno "Baba Neema."